Kupanga SPD kwenye jengo la biashara: kuanzia mein bodi, bodi za ghorofa mpaka DB ya mwisho

Wakuu, mafundi wengi siku hizi wanafunga SPD, kile kifaa cha kulinda jengo na saji, yaani volti inayopanda ghafla kama radi ikipiga, tatizo ni kwamba wanafunga moja, kwenye mein bodi, wanaona taa ya kijani wanaondoka. Au wanafunga tatu, moja kila bodi, lakini zimenunuliwa duka tofauti na kampuni tofauti, hakuna aliyeuliza kama zinafanya kazi pamoja. Radi ikipiga ile ndogo ya ghorofani inaungua halafu kubwa ya chini iko nzima haijaguswa, mwenye jengo anasema hivi vitu ni utapeli. Sio utapeli, ni mpangilio ndio haukuwepo.

Nitatumia jengo moja la mfano tuende nalo mwanzo mpaka mwisho. Chukulia jengo Mwanza, chini maduka, juu yake ghorofa tatu, ghorofa ya tatu kuna maabara ya kupima damu. Umeme ni wa fezi tatu, 400/230 V, mein breka ya 250 A. Juu ya paa kuna mtego wa radi, umesanifiwa daraja la tatu la ulinzi, kuna na vipoozeo vya AC. Kutoka mein bodi mpaka bodi ya ghorofa ya tatu ni mita 25 za kebo, kutoka hapo mpaka DB ya maabara mita 14, na kutoka kwenye hiyo DB mpaka mashine yenyewe mita 4. Shika hizo namba tutazirudia.

Hatua ya 1: jua kila bodi inapokea nini

SPD zina taipu tatu na tofauti yake sio ukubwa wa bei. Taipu 1 ni ya kubeba mkondo wa radi yenyewe, ule unaoingia kwa sababu radi imepiga mtego wako au imepiga laini inayokuletea umeme, na inapimwa kwa wimbi refu linaloandikwa 10/350. Taipu 2 ni ya saji zilizopungua, zile za radi iliyopiga jirani au mota kubwa kuzimwa, inapimwa kwa wimbi fupi la 8/20. Taipu 3 ni ya kumalizia, inakaa karibu na mashine, haibebi kitu kikubwa ila inashusha volti mpaka chini.

Sasa hapa ndio watu wanapigwa. Mtu anaona Taipu 2 imeandikwa 40 kA, anaona Taipu 1 imeandikwa 12.5 kA, anachukua ya 40 maana namba ni kubwa. Hizo namba huwezi kuzilinganisha mkuu, mawimbi ni tofauti kabisa. 12.5 kA ya wimbi la 10/350 inabeba chaji ya zaidi ya ampia-sekunde 6, wakati 20 kA ya 8/20 haifiki hata nusu ya ampia-sekunde moja. Yaani zaidi ya mara kumi. Ukiweka ya 8/20 mahali pa kupokea radi yenyewe inapasuka, na ikipasuka ndani ya bodi huwa inaacha masizi na wakati mwingine moto.

Hiyo 12.5 inatoka wapi? Kwa daraja la tatu la ulinzi hesabu inachukulia radi ya 100 kA. Nusu inaenda ardhini kupitia ethi ya jengo, nusu iliyobaki, 50 kA, inatafuta njia ya kutoka kupitia laini zinazoingia jengoni. Ukichukulia umeme ndio laini pekee, fezi tatu na nyutro, unagawa kwa nne unapata 12.5 kA kila waya. Kama mtego umesanifiwa daraja la kwanza radi ni 200 kA, basi inakuwa 25 kA kila waya. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote uliza mtego ulisanifiwa daraja gani, kama hakuna karatasi na mwenye jengo hajui, nenda na 25 kulala salama, tofauti ya bei haitakuumiza kama kesi ya moto.

Jengo lisilo na mtego kabisa na linalolishwa kwa kebo ya chini ya ardhi toka transfoma ya karibu, hapo mara nyingi Taipu 2 kwenye mein inatosha. Ila laini ikija juu ya nguzo, mimi Taipu 1 naweka tu.

Hatua ya 2: mein bodi, na pale chenjiova ilipo

Kwenye jengo letu mein bodi inapata SPD ya Taipu 1 na 2 kwenye kiboksi kimoja, 12.5 kA kwa kila fezi, volti ya ulinzi 1.5 kV. Ile volti ya ulinzi, imeandikwa Up kwenye lebo, ndio volti ambayo SPD itaruhusu ipite wakati inafanya kazi. Watu wengi hawaiangalii kabisa na ndio namba ya muhimu kuliko zote kwa mashine yako.

Usinunue Taipu 1 na Taipu 2 tofauti ukazipanga bega kwa bega kwenye bodi moja bila kujua zinaelewana. Nitaeleza sababu hatua ya 4.

Kama kuna jenereta, SPD ikae baada ya chenjiova, kwenye basibaa inayolisha jengo, sio upande wa mita tu. Nimekuta majengo SPD iko kabla ya chenjiova, umeme ukikatika mvua inanyesha, jenereta inawaka, jengo zima linaendeshwa bila ulinzi na mvua ndio kwanza imekolea. Kama jenereta iko nje mbali na jengo, kwenye kibanda chake, kebo yake nayo ni laini inayoingia kutoka nje, inataka SPD yake.

Angalia pia aina ya ethi. Kama una fimbo yako ya ethi na nyutro ya mtaa haijaungwa na hiyo ethi ndani ya jengo, hiyo ni TT. Kwenye TT SPD inayokaa kabla ya RCD, ile ya kukata umeme unaovuja kwenda ethi, inatakiwa iwe ya mpangilio wa 3+1, maana yake fezi tatu zinaenda kwanza kwenye nyutro, halafu nyutro inaenda ethi kupitia spaki gepu, pengo ambalo umeme unaliruka pale tu volti ikipanda sana. Ukifunga ile ya 4+0 ambayo kila waya unaenda ethi moja kwa moja kupitia varista, kile kipande kinachopitisha mkondo volti ikipanda, siku varista imechoka na kuanza kuvujisha, ethi ya jengo zima inapanda volti na hakuna RCD mbele yake ya kukata. Na ile gepu ya nyutro kwenda ethi inabeba jumla ya nne zote, kwa hiyo kwenye jengo letu iwe ya 50 kA, isome kwenye lebo imeandikwa N-PE.

RCD zenyewe zikae baada ya SPD ya mein, saji ikipita kwenye RCD inaweza kuikatisha bila sababu au ikaichomelea konta zake.

Hatua ya 3: waya za kuungia, hapa ndio kazi nzuri inaharibika

Hii nitakaa nayo kidogo maana ndio kosa nalikuta karibu kila bodi.

SPD inaungwa sambamba, waya kutoka basibaa kwenda SPD na waya kutoka SPD kwenda baa ya ethi. Mkondo wa radi unapanda haraka sana, na kwa kasi hiyo waya wa kawaida unakuwa kikwazo, kila mita moja ya waya inaongeza takriban kilovolti 1. Sio ohmu za waya, ni indaktansi, kwa hiyo kuongeza unene wa waya hakukusaidii sana, kinachosaidia ni kufupisha. Kanuni inasema urefu wote, juu na chini ukijumlisha, usizidi nusu mita.

Sasa fanya hesabu kwenye jengo letu. SPD ni 1.5 kV. Fundi kaifunga chini kabisa ya bodi kwa sababu ndio palikuwa na nafasi, waya wa juu sentimita 70, wa ethi sentimita 50, vimeviringishwa vizuri vinapendeza. Jumla mita 1.2, ongeza 1.2 kV, kwa hiyo basibaa inaona 2.7 kV sio 1.5. Umenunua kifaa kizuri ukakigeuza cha hovyo kwa sentimita 70 za waya.

Na ile mitindo ya kuviringisha waya kama springi iache kabisa kwenye SPD, unatengeneza koili.

Kinachofanyika ni hiki: tafuta nafasi ya SPD kwanza kabla ya breka, ikae karibu na basibaa inakoingia umeme na karibu na baa ya ethi. Kama baa ya ethi iko mbali, chini ya bodi, weka baa ndogo ya ethi pembeni ya SPD, uiunge na bodi yenyewe ya chuma pale pale halafu uvute waya mwingine kwenda baa kubwa. Waya wa ethi wa Taipu 1 usipungue 16 mm², wa Taipu 2 usipungue 6 mm². Kuna njia ya kupitisha umeme kwenye terminali za SPD yenyewe, unaingia na kutoka hapo hapo kama herufi V, waya wa kuungia unakuwa kama haupo, hiyo ni nzuri sana kwenye bodi ndogo ila kwenye mein yetu ya 250 A haiwezekani maana terminali nyingi za SPD mwisho wake ni 125 A hivi.

Waya wa SPD usiupitishe pamoja na kebo zinazotoka kwenda kwenye mizigo. Waya unaobeba radi ukilala na kebo safi kwenye tranki moja, unaipandikizia saji upya na ulinzi wote umeuruka.

Hatua ya 4: nani awahi kufanya kazi, ya chini au ya juu

Hili ndio neno lenyewe la kuratibu. SPD ya mein na ya ghorofa zote zinaona saji ile ile. Swali ni mzigo unaenda kwa nani. Tunataka kubwa ibebe kubwa, ndogo ibebe masalia. Lakini umeme hausomi lebo, unaenda penye volti ndogo. Ukiweka mein SPD yenye Uc ya 320 V na ghorofani ya 275 V kwa sababu ndio zilikuwepo dukani, ile ya 275 inaanza kufunguka kabla ya mwenzake na kubeba mzigo ambao haikuumbiwa. Ni kama umempa mtoto gunia na baba anatembea mikono mitupu.

Uc ni volti ambayo SPD inaweza kukaa nayo muda wote bila kuumia. Kwa 230 V isipungue 253 V, wengi wanaweka 275. Sehemu ambazo umeme unapanda panda usiku mimi naweka 320 kote, mein na ghorofani, japo Up nayo inapanda kidogo. Kanuni yangu kwa zile za varista ni kwamba ya ghorofani Uc yake isiwe chini ya ile ya mein, isipokuwa mtengenezaji mwenyewe ameandika kwenye jedwali lake kwamba hizo mbili zinapatana.

Kebo iliyopo katikati nayo inasaidia. Mwanzo wa saji unapopanda ghafla, indaktansi ya kebo inazuia mkondo usikimbilie ghorofani na inasukuma volti ya mein ipande mpaka SPD kubwa ifunguke. Ndio maana utasikia mita 5 kati ya varista na varista, au mita 10 mpaka 15 kati ya spaki gepu za zamani na varista. Gepu za kisasa zenye kuchochewa hazihitaji huo umbali. Kwetu tuna mita 25 kwa hiyo tuko vizuri, lakini angalia ghorofa ya chini, bodi ya maduka iko ukuta mmoja na mein, kebo mita 2 tu. Pale kuna njia mbili: usiweke nyingine kabisa maana ya mein inailinda, au weka ya kampuni ile ile ambayo jedwali lao linasema inaruhusiwa bila umbali.

Na usiamini mita peke yake. Kebo inazuia pale mkondo unapopanda, lakini wimbi la radi lina mkia mrefu, mkondo unashuka taratibu kwa mamia ya maikrosekunde, na kwenye mkia indaktansi haina kazi tena. Hapo kinachogawa mzigo ni volti za SPD zenyewe na ukinzani kidogo wa waya. Kwa hiyo Uc zikiwa zimepishana vibaya hata mita 25 hazikuokoi. Mimi nanunua ngazi zote tatu kampuni moja, familia moja, sio kwa ushabiki ila ni kwa sababu wao wamezipima pamoja na mimi sina maabara ya kurusha 12.5 kA.

Hatua ya 5: bodi ya ghorofa na DB ya mwisho, fanya hesabu ya umbali

Saji ikipita SPD na kuendelea kwenye kebo ndefu, inafika mwisho inagonga na kurudi, volti mwishoni inaweza kuwa mara mbili ya uliyoiacha kwenye SPD. Kwa hiyo hesabu inakwenda hivi, Upf ni volti ya ulinzi ukijumlisha waya za kuungia, Uw ni volti ambayo kifaa kinavumilia:

```
kebo <= 10 m :  Upf <= 0.8 x Uw
kebo >  10 m :  Upf <= Uw / 2
```

Hiyo ya pili nimerahisisha, nimechukulia kebo haiokoti saji nyingine njiani. Uvumilivu kwa mfumo wa 230/400 V ni hivi: vifaa vya kwenye mita na mein ni 6 kV, bodi na nyaya za ndani na soketi 4 kV, vifaa vya kuchomeka kama friji na mashine za maabara 2.5 kV, na elektroniki laini 1.5 kV.

Twende. Bodi ya ghorofa ya tatu iko mita 25 kutoka mein, inavumilia 4 kV. Kebo imezidi mita 10 kwa hiyo tunataka volti ya mein isizidi 2 kV. Yule fundi wetu wa waya mita 1.2 ana 2.7 kV, ameshafeli, hata bodi haijalindwa achilia mbali mashine. Sogeza SPD, waya zote ziwe sentimita 40, tunapata 1.9 kV, imepita kwa kubana. Unaona sentimita zinavyoamua.

Sasa kwenye bodi ya ghorofa tunaweka Taipu 2, 20 kA, Up 1.5 kV. Waya zikiwa chini ya nusu mita ongeza asilimia 20 tu, maana hapa mkondo umeshapungua, inakuwa 1.8 kV. Mashine iko mita 14 na 4, jumla 18. Imezidi 10, kwa hiyo tunataka nusu ya 2.5, yaani 1.25 kV. 1.8 haipiti. Mashine ingekuwa ndani ya mita 10 tungetaka 0.8 mara 2.5 ambayo ni 2 kV, na 1.8 ingepita bila kuongeza kitu. Kwa hiyo sio kila DB inahitaji SPD ya tatu, hesabu ndio inakuambia, zile ofisi za jirani na bodi ya ghorofa hazihitaji na ukimuuzia mteja unamwibia.

Ila maabara inahitaji. Tunaweka Taipu 3 ndani ya DB ya maabara, Up 1.2 kV, ukiongeza asilimia 20 ni 1.44 kV, mashine iko mita 4, kiwango ni 2 kV, imepita na nafasi inabaki. Kama mtengenezaji wa mashine anasema ni elektroniki laini ya 1.5 kV, kiwango kinakuwa 1.2 na hiyo 1.44 haitoshi, utatafuta Taipu 3 ya 1 kV au uisogeze mpaka kwenye soketi yenyewe. Taipu 3 isikae peke yake bila Taipu 2 nyuma yake, saji ya kwanza ya maana inaiua.

Hatua ya 6: saji inayotokea juu

Mpangilio wote huu umechukulia radi inaingia kupitia mein. Lakini juu ya paa kuna AC na kebo zake zinashuka mpaka bodi ya ghorofa ya tatu. Kama vile vipoozeo viko chini ya kivuli cha mtego na viko mbali nao kiasi cha kutosha radi isiruke, Taipu 2 inatosha. Kama vimeungwa na mtego, au waya wa mtego umepita umevigusa, ambayo ndio hali niliyoikuta paa nyingi, mkondo wa radi unashuka na kebo ya AC moja kwa moja kwenye bodi ya ghorofa ya tatu bila hata kupita mein. Ile Taipu 2 ya 20 kA inakuwa ndio ya kwanza kukutana nayo, na tumeona chaji yake.

Dawa: tenganisha, sogeza waya wa mtego au vipoozeo. Ikishindikana weka Taipu 1 na 2 kwenye bodi ya ghorofa ya tatu pia, au Taipu 1 pale kebo inapoingia jengoni kutoka paani. Kebo za kamera za nje na antena ni hivyo hivyo, zina SPD zake za laini za data, ziungwe ethi ile ile.

Hatua ya 7: ethi moja, na fyuzi

Watu wa kompyuta wanapenda kuchimba fimbo yao ya ethi kwa ajili ya seva, wanaiita ethi safi, haijaungwa na ya jengo. Jamani. Radi ikiingiza 10 kA kwenye ethi ya jengo yenye ohmu 10, ethi hiyo inapanda kilovolti 100 ukilinganisha na ile fimbo ya pembeni. Seva iko katikati, umeme upande huu na ethi upande ule. Hakuna SPD duniani inayozuia hiyo. Ethi zote ziungwe kwenye baa moja kuu, fimbo ya seva ibaki kama wanaipenda lakini iungwe na wenzake. Ohmu chache ni nzuri, watu wanalenga 10 kwa ajili ya mtego, ila kuunganisha kila kitu pamoja ndio kunalinda mashine.

Fyuzi ya SPD soma lebo. Ya mein yetu chukulia imeandikwa mwisho 160 A gG, na breka ya mein ni 250, kwa hiyo SPD inapata fyuzi yake ya 160. Bodi ya ghorofa inalishwa na 63 A na Taipu 2 inaruhusu mpaka 125, basi haihitaji fyuzi ya ziada. Kuweka breka ya 16 A mbele ya SPD kwa sababu ndio ilikuwepo kwenye begi ni kosa, saji ya kwanza inaikatisha na SPD inakaa pale haijaungwa na kitu, na kidirisha bado kijani, maana kwenye modeli nyingi kidirisha kinaonyesha hali ya katriji tu, kile kipande cha SPD kinachochomoka, hakijui kama umeme unafika.

Hatua ya 8: kupima na kusoma dalili

Kabla ya kupiga mega ya 500 V kwenye nyaya, chomoa katriji zote, ngazi zote tatu. Varista itavuta utapata usomaji mbaya, utaanza kubomoa ukuta kutafuta kebo iliyochubuka ambayo haipo. Ukimaliza zirudishe, halafu hakikisha zimerudishwa.

Baada ya msimu wa mvua zunguka bodi zote na usome mpangilio wake, sio moja moja. Ghorofani nyekundu huku mein kijani na kaunta yake ya kuhesabu saji iko sifuri, anza na fyuzi ya mein SPD, pima kwa multimita kama umeme unafika kwenye terminali zake. Ikiwa imekatika umeshapata jibu, kubwa haikuwepo kazini. Kama fyuzi ni nzima linganisha Uc za mein na ghorofani, kisha angalia kama kuna kitu kimeshuka na kebo ya paa. Bodi moja tu ya juu ndio inayokufa kila mara, nenda paani moja kwa moja. Zikifa fezi moja au mbili kwenye bodi zote kwa mpigo, siku ambayo hata mvua haikunyesha, hiyo sio radi, nyutro ilikatika na fezi yenye mzigo mdogo ikapanda kuelekea 400 V. SPD haizuii hiyo, inaungua tu kwa sababu volti imekaa muda mrefu, na ukibadilisha katriji bila kukaza nyutro utarudi tena. Hapo mteja anahitaji rilei ya kukata volti ikipanda au kushuka, kifaa kingine kabisa.

Zile terminali ndogo tatu za konta ya ishara pembeni ya SPD ziunge na taa au alamu ofisini kwa mlinzi, maana bodi inafungwa na ufunguo unao wewe na hakuna mtu atafungua kuangalia rangi. Na unapoagiza katriji ya kubadilisha piga picha lebo ya iliyokufa, Uc, Up na namba ya modeli, usimtume mtu dukani na neno "surge ya fezi tatu", atarudi na ya 275 wakati bodi zingine zote ni 320.